Aya ya Sita

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mfanyabiashara wa Isiolo mjini. Katika ukame ule uliomeza misimu mitano ya mvua, kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, aliacha biashara ya mbuzi kwa kuwa hapakuwa na mbuzi wa kununua, akaanza kuuza nyasi kavu. Nyasi zilikuja kwa lori kutoka upande wa Timau, zimefungwa marobota, naye akiwauzia wafugaji waliokuwa wakijaribu kuwavusha ng'ombe wachache waliosalia. Alinunua kwa mkopo, akauza kwa mkopo. Msomaji anaweza kubashiri yaliyofuata. Mwaka 2025 aliyemletea nyasi alimshtaki mahakamani Isiolo, akidai shilingi 1,260,000 pamoja na riba na gharama za kesi.

Mimi si mwanasheria. Ninasomea shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, na kazi yangu ya kila siku ni kulinganisha nakala za tenzi: neno hili liko katika nakala hii, halimo katika ile, nani aliliongeza na kwa nini. Mjomba aliniita kwa sababu nyepesi kabisa. Wakili wake alikuwa amemtumia rasimu ya utetezi kwa simu, imeandikwa kwa Kiingereza, akamwambia aisome na kuthibitisha kwamba yote yaliyomo ni kweli kabla haijawasilishwa. Kiingereza cha Mjomba kinatosha kununua dizeli. Sheria ya Kenya inaruhusu lugha ya mahakama za chini iwe Kiingereza au Kiswahili, lakini katika mashauri ya madai karatasi karibu zote huandikwa kwa Kiingereza, na mtu husaini maneno yake mwenyewe katika lugha asiyoimiliki. Nilitakiwa nimsomee na kumfasiria, basi.

Nilichapisha rasimu hiyo mjini, kurasa nne, nikaisoma mara moja kuanzia juu hadi chini. Ilinipendeza. Ilikuwa na sauti ya mtu aliyesimama imara: anakana hili, anakana lile, anamtaka mdai athibitishe kila neno. Nilimfasiria Mjomba huku yeye akinywa chai, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Laiti tungeishia hapo, ingesainiwa usiku uleule.

Kosa langu lilikuwa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimesoma jibu bila kusoma swali. Utetezi si matini inayojitegemea. Kila aya yake humjibu mtu mwingine, na maana yake haiko ndani yake bali iko kati yake na hati ya madai. Usiku ule, baada ya Mjomba kulala, nilimwomba shangazi lile bahasha kubwa lililoletwa na mpeleka samansi. Nikatandika mkeka, nikapanga karatasi katika mafungu manne: hati ya madai, rasimu ya utetezi, taarifa ya ushahidi wa Mjomba ambayo wakili pia alikuwa ameiandaa, na nyaraka ambazo mdai aliziambatisha ili zije kuwa vielelezo vyake.

Ndani ya bahasha mlikuwa na hati za madai mbili. Ya kwanza ilikuwa na aya saba. Ya pili ilikuwa na aya nane, na juu yake pameandikwa kwamba imerekebishwa. Mdai ana haki ya kurekebisha hati yake mara moja bila kuomba ruhusa ya mahakama, maadamu upande wa pili haujamaliza kujibizana naye, na ndivyo alivyofanya. Aliongeza aya moja tu katikati, ikawa aya mpya ya 5, ikisema kwamba tarehe 9 Septemba 2022 mdaiwa alikiri deni kwa barua. Aya zilizofuata zikasukumwa mbele kwa namba moja. Iliyokuwa aya ya 5, kuhusu malipo na salio, ikawa ya 6. Iliyokuwa ya 6, kuhusu barua ya wakili ya kudai fedha, ikawa ya 7.

Rasimu yetu ilikuwa imejibu hati ya kwanza.

Nilichukua kalamu nikaandika upande wa kushoto wa karatasi namba za aya za hati iliyorekebishwa, na upande wa kulia jibu ambalo rasimu ilitoa kwa kila namba. Nilipofika aya ya 6 nilisimama. Rasimu ilisema, kwa maneno machache na ya adabu, kwamba yaliyomo katika aya ya 6 ya hati ya madai yanakubaliwa. Mwandishi wake alikuwa na nia njema, kwani katika hati ya zamani aya hiyo ilisema tu kwamba Mjomba alipokea barua ya madai, jambo ambalo hakuna sababu ya kulikana. Lakini katika hati mpya aya ya 6 ilisema kwamba mdaiwa amelipa shilingi 420,000 pekee na kwamba salio la shilingi 1,260,000 halijalipwa hadi leo. Kwa tofauti ya namba moja, Mjomba alikuwa anakiri deni lote.

Kukiri huko si jambo la kurekebishwa kwa maelezo matamu siku ya kesi. Agizo la 13 la Kanuni za Utaratibu wa Mashauri ya Madai za mwaka 2010 linamruhusu mdai aliyeona upande wa pili umekiri katika hati zake kuomba hukumu papo hapo juu ya kile kilichokiriwa, bila kusubiri mashahidi. Upande mwingine wa sarafu hiyo ni Agizo la 2, kanuni ya 11: jambo lililodaiwa ambalo halikukanwa huhesabiwa kuwa limekubaliwa, na kukana kwa jumla, kwamba ninakana yote, hakutoshi. Kwa hiyo aya ambayo rasimu haiigusi si aya iliyonyamaziwa. Katika fasihi tunafundishwa kwamba ukimya wa mhusika una maana nyingi. Katika utetezi ukimya una maana moja.

Asubuhi nilimweleza Mjomba. Alichokisema kwanza hakifai kuandikwa hapa. Kisha akauliza, kama namba tu ndizo zilizokosewa, si zirekebishwe tuende zetu? Nami ningalifikiri hivyo kama nisingekuwa tayari nimeanza kusoma lile fungu la nne.

Ni vyema nieleze kwanza hati ya mdai ilivyodai, kwa kuwa yote yaliyobaki yanaitegemea. Alisema kwamba kwa mkataba wa maandishi wa tarehe 14 Machi 2022 alikubali kumletea mdaiwa nyasi kwa shilingi 350 kwa kila robota, fedha zilipwe ndani ya siku 30 baada ya kila lori. Kwamba kati ya Machi na Juni alileta lori 12, kila moja marobota 400, jumla marobota 4,800 yenye thamani ya shilingi 1,680,000. Kwamba alilipwa mara mbili, jumla 420,000. Ukitoa, unabaki na ile 1,260,000. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na hesabu sahihi humlaza msomaji usingizi.

Rasimu yetu ilimjibu hivi. Aya ya 3: mdaiwa hakuwahi kuingia katika mkataba wowote na mdai. Aya ya 4: bila kuathiri hayo, kama mkataba ulikuwapo, lori mbili nzima ziliharibika kwa ukungu na zikakataliwa. Aya ya 7: bila kuathiri hayo, mdaiwa alilipa 420,000 kwa M-Pesa kwa awamu mbili, na shilingi 300,000 zaidi taslimu, mkononi mwa dereva wa mdai, mwezi wa Julai 2022. Na mwisho: deni limepitwa na muda wa kisheria.

Kuna kisa wanachopenda kusimulia watu wa mantiki kuhusu mtu aliyeazima sufuria ya jirani akairudisha imetoboka. Aliposhtakiwa alisema kwanza hakuiazima, pili aliipokea ikiwa na tundu, tatu aliirudisha nzima. Sheria inamruhusu mdaiwa kuweka utetezi wa badala, na maneno yale ya bila kuathiri hayo yaliyotangulia ndiyo mlango wake. Mwenye gari anaweza kusema dereva wangu hakuwa mzembe, na kama alikuwa, aliyegongwa alikuwa mzembe pia. Lakini yapo mambo ambayo mdaiwa mwenyewe anayajua kwa macho yake, na katika hayo mlango ule ni mwembamba mno. Mtu anajua kama alisaini au hakusaini. Mkataba uliokuwa katika fungu la nne ulikuwa na saini ya Mjomba na namba ya kitambulisho chake. Isitoshe, taarifa yake mwenyewe ya ushahidi, ambayo ingewasilishwa siku moja na utetezi kwa kuwa Agizo la 7 linataka hivyo, ilianza kwa sentensi hii: mwezi wa Machi 2022 nilikubaliana na mdai aniletee nyasi. Utetezi ulikana mkataba katika ukurasa wa kwanza, na shahidi pekee wa utetezi akauthibitisha katika ukurasa wa tano.

Wakili wa mdai hangehitaji kumwuliza Mjomba maswali mengi. Angemwomba asome sentensi hizo mbili, moja baada ya nyingine, kisha akae.

Suala la muda lilikuwa jepesi. Deni la mkataba nchini Kenya linaweza kudaiwa ndani ya miaka sita, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Mashauri, na kesi ilifunguliwa mwaka wa tatu. Aya ile bila shaka ilitoka katika faili nyingine na kuhamia kwetu, kama ubeti unavyohama kutoka utenzi mmoja hadi mwingine mikononi mwa mnakili aliyechoka. Kama ingebaki ingefanya madhara ya pekee. Hakimu akiona utetezi mmoja ambao hauwezekani kabisa, anausoma ule wa jirani yake kwa jicho la shaka.

Stakabadhi za mizigo ndizo zilizonichukua muda mrefu. Hizi ni karatasi ndogo ambazo dereva huja nazo, mpokeaji husaini, nakala moja hubaki kwake na nyingine hurudi kwa mwuzaji. Mdai aliambatisha vivuli vya stakabadhi 12. Nilihesabu karatasi, zikawa 12 kweli. Kisha nikafanya lile ambalo mwalimu wangu wa uhakiki wa miswada hunisisitizia kila mara, kwamba usihesabu karatasi, hesabu matini. Niliandika kwenye orodha namba ya kila stakabadhi iliyochapwa kwenye pembe, tarehe, namba ya gari, idadi na saini. Namba 0417 ilijitokeza mara mbili. Mara ya kwanza maandishi yake yalikuwa meusi, ya pili yamefifia, kama ya karatasi iliyowekwa chini ya kaboni. Tarehe ileile, gari lilelile, saini ileile yenye mkia uleule uliokatika. Ilikuwa lori moja iliyoingia katika hesabu mara mbili. Lori zilikuwa 11.

Sidhani mdai alikusudia. Mtu anayetaka kughushi hafanyi uvivu wa kuacha namba. Lakini lori hiyo ina thamani ya marobota 400 mara 350, yaani shilingi 140,000, na rasimu yetu haikuitaja kabisa. Utetezi uliokana kila kitu ulikuwa umeipita bila kuiona, kwa sababu aliyekana kila kitu hana haja ya kuhesabu.

Stakabadhi nyingine, ya mwezi wa Mei, ilikuwa na mwandiko wa kijana aliyempokelea Mjomba mzigo siku ile. Chini ya saini aliandika: robota 60 zina ukungu. Hapa palikuwa na faraja na maumivu kwa pamoja. Faraja, kwa kuwa malalamiko ya ukungu yalikuwa ya kweli na yalikuwa ndani ya karatasi za mdai mwenyewe. Maumivu, kwa kuwa karatasi ilisema robota 60, na rasimu ilisema lori mbili nzima, yaani 800. Zaidi ya hayo, rasimu ilisema zilikataliwa, ilhali hakuna stakabadhi hata moja iliyoandikwa kwamba mzigo ulirudishwa. Nilipomwuliza Mjomba alisema, "Ziliharibika nyingi, mpwa wangu. Hapa walihesabu za juu tu." Huenda ni kweli. Lakini utetezi unaosema 800 mbele ya karatasi inayosema 60 hupoteza hata zile 60.

Kadhalika tulikubaliana kutafuta nakala ya Mjomba mwenyewe ya stakabadhi ile ya Mei, na shangazi akaipata ndani ya mfuko wa koti. Wakili alitueleza baadaye kwa nini ilikuwa muhimu. Karatasi iliyomo katika fungu la nyaraka za mdai bado si kielelezo. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilifafanua mwaka 2015 kwamba kuwekwa tu katika faili hakutoshi, wala kutiwa alama ya utambulisho. Ni lazima shahidi aitoe na mahakama iipokee. Mdai angeweza kuamua kutoitoa stakabadhi ile yenye neno ukungu, na sisi tungebaki tumeegemea ukuta wa nyumba ya mtu mwingine.

Malipo ya M-Pesa yalikuwa na kasoro ndogo ambayo nusura niipuuze. Hati ya mdai na rasimu yetu zote zilisema 420,000 zililipwa mara mbili: 140,000 mwezi wa Aprili na 280,000 mwezi wa Juni. Taarifa ya M-Pesa ya Mjomba, ambayo wakili alikusudia kuiambatisha, ilionyesha malipo matatu ya shilingi 140,000 kila moja, mawili kati yake siku moja ya Juni. Haikuwezekana kuwa vinginevyo. Mwaka 2022 kiwango cha juu cha kutuma kwa mara moja kilikuwa shilingi 150,000, kikaja kupandishwa hadi 250,000 mwaka 2023. Jumla haikubadilika, lakini utetezi unaosema mara mbili huku ukiambatisha karatasi inayosema mara tatu unaonyesha kwamba aliyeuandika hakuisoma karatasi yake. Kisha nikaona jambo lingine: 140,000 ni bei ya lori moja kamili. Mjomba alikuwa akilipa lori kwa lori, na lori tatu za kwanza alizilipa zote. Huyu hakuwa mtu aliyekusudia kudhulumu, na hakuna sentensi katika rasimu iliyomwonyesha hivyo.

Ilibaki barua.

Ilikuwa ukurasa mmoja, kwa mkono wa Mjomba, kwa Kiswahili. Mdai aliambatisha kivuli chake pamoja na tafsiri. Hati ya madai ilisema kwamba katika barua hiyo mdaiwa alikiri deni la shilingi 1,260,000 na kuahidi kulilipa lote. Nilisoma barua yenyewe. Baada ya salamu Mjomba aliandika: "Tangu zile za Juni sijakutumia kitu, wala sikufichi. Ng'ombe wa watu wamekufa, nao hawana cha kunilipa. Mungu akileta mvua, deni lako nitalimaliza lote." Hapakuwa na 1,260,000 mahali popote. Palikuwa na deni, palikuwa na lote, na tarakimu ilikuwa imeingizwa na mwandishi wa hati, ikakaa ndani ya sentensi kana kwamba ilizaliwa humo.

Nakiri kwamba nilifurahi kupita kiasi. Ningeweza kuandika kurasa nne juu ya Mungu akileta mvua: je, ni sharti, kwamba mvua isiponyesha deni halilipwi, au ni namna tu ya kusema inshallah miongoni mwa watu ambao mvua ndiyo mshahara wao? Wakili alinikatiza kwa upole. Mvua ilinyesha Machi 2023, alisema, na mwisho wa mwaka ule ikaja ya mafuriko. Hoja hiyo tukiiegemea itatuangukia. Lakini hoja ya tarakimu aliipokea mara moja. Jibu sahihi kwa aya mpya ya 5 halikuwa kukana kwamba barua iliandikwa, kwa sababu mwandiko ungemsuta. Jibu lilikuwa kukubali kwamba aliandika barua, kukana kwamba barua hiyo ilikiri kiasi chochote, na kuiachia mahakama isome maneno yenyewe.

Hata hivyo barua ile ilikuwa na sentensi nyingine ambayo sikuifurahia hata kidogo, nami niliibeba kwa siku mbili bila kuisema. Tangu zile za Juni sijakutumia kitu. Iliandikwa Septemba. Rasimu ilidai kwamba mwezi wa Julai, kati ya Juni na Septemba, Mjomba alimkabidhi dereva shilingi 300,000 taslimu. Malipo ni miongoni mwa mambo ambayo Agizo la 2 linataka yatajwe waziwazi katika utetezi, kwa hiyo yalikuwa yametajwa waziwazi, na barua ya mwenye kulipa ikayakanusha waziwazi vilevile. Ningeweza kujidanganya kwamba kutuma si kukabidhi, kwamba kutumiwa ni kwa simu na taslimu ni jambo jingine. Mtahini wangu angenirudishia tasnifu kwa hoja kama hiyo.

Kwetu mpwa hamhoji mjomba wake. Hukaa, husubiri, huzungumza habari za mifugo na za barabara, na jambo lenyewe huja lenyewe au haliji. Nilimkuta dukani baada ya alasiri, nikamsomea barua yake yote polepole kama mtu anayesoma shairi la mwingine. Nilipofika sentensi ile niliipita bila kubadili sauti. Nilipomaliza alikuwa akitazama nje, upande yalikokuwa yakiegeshwa yale malori.

"Zile laki tatu," alisema, "zilikuwa za mahindi. Za mtu mwingine. Dereva alikuwa yuleyule."

Nikamwuliza kama alimwambia wakili hivyo.

"Nilimwambia nilimpa dereva laki tatu. Hakuniuliza za nini." Kisha akanyamaza kidogo. "Mimi nilidhani kortini mtu hukana kwanza, halafu ndipo mnazungumza."

Nadhani wengi hudhani hivyo, na baadhi ya rasimu zinaandikwa kwa dhana hiyohiyo. Lakini sentensi ile ya Julai isingebaki kuwa sentensi ya wakili. Ingekuwemo pia katika taarifa ya ushahidi, na Mjomba angeapa kwa Kurani kabla ya kuirudia mbele ya watu ambao wanamjua tangu utoto wake. Hilo lilimtisha kuliko 1,260,000. Usiku ule alimpigia wakili simu mwenyewe. Sikusikia alichosema, kwa sababu alitoka nje ya ua.

Rasimu ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Ilijibu hati iliyorekebishwa, aya kwa aya, nami niliipitisha tena katika orodha yangu: namba ya aya, jibu letu, karatasi inayohusika, na mtu atakayesimama kulisema. Pale ambapo nafasi ya mwisho ilikuwa tupu tulijua sentensi haina mwenyewe. Mkataba ulikubaliwa. Lori 12 zilikanwa, kwa maelezo kwamba zilikuwa 11 na kwamba stakabadhi namba 0417 imehesabiwa mara mbili. Robota 60 zilikatwa kwa sababu ya ukungu. Malipo matatu ya M-Pesa yalitajwa kwa tarehe zake. Laki tatu za taslimu hazikuwamo, wala ukomo wa muda.

Hesabu iliyobaki kila mtu angeweza kuifanya. Lori 11 ni marobota 4,400. Ukitoa 60 unabaki na 4,340, ambayo kwa shilingi 350 ni 1,519,000. Ukitoa 420,000 zilizolipwa, deni ni shilingi 1,099,000. Tofauti na dai la mdai ni 161,000. Mjomba alitaka kujua kama kazi yote hii ilikuwa ya kuokoa laki moja na elfu sitini. Wakili alimjibu bila kumpamba. Alisema kiasi kilichokubaliwa kinaweza kutolewa hukumu mapema, naye asitarajie vinginevyo. Lakini mtu aliyekubali anachodaiwa anaweza kuiomba mahakama, chini ya Agizo la 21, alipe kwa awamu, na ombi hilo husikilizwa kwa sikio tofauti likitoka kwa mtu ambaye hakukamatwa akidanganya katika ukurasa wa kwanza. Pia riba ya laki moja na elfu sitini, kwa miaka, nayo ni nyasi.

Tulimsomea taarifa ya ushahidi kwa Kiswahili kabla hajasaini, wakili akifuatilia kwa Kiingereza. Alitusimamisha mahali pamoja tu. Tulikuwa tumeandika kwamba wateja wake walishindwa kumlipa kwa sababu mifugo yao ilikufa. Akataka liondolewe. Wakili alimwambia halidhuru, ingawa kisheria halimsaidii, kwa kuwa aliyeleta nyasi hakukubaliana lolote na wafugaji. Mjomba alisema hakulikataa kwa sababu hiyo. Alilikataa kwa sababu si wote walioshindwa. Wawili walilipa.

Akasaini. Njiani kurudi nyumbani aliwahesabu kwa vidole wale ambao hawakulipa, kwa majina na kwa idadi ya marobota, bila kukosea. Nilimwuliza kama kuna yeyote kati yao aliyesaini karatasi. Akasema hakuna, na akaendelea kuhesabu.